Jinsi ya kumnyima jirani kidonge cha hedhi

Atabisha hodi jioni, amejifunga kanga mbili, aombe "vile vidonge vyako vya kukata damu". Akitaka chumvi mpe, akitaka mkaa mpe. Traneksamiki mnyime, wala usione haya.

Mpe kiti kwanza, umuulize. Anabadilisha pedi kila saa moja au mbili? Anatoa mabonge makubwa ya damu? Hedhi inapita siku saba? Kama ndiyo, anahitaji kupimwa wingi wa damu, ujauzito na uvimbe wa kizazi, kwa sababu kidonge hiki hupunguza damu tu na hakigusi kinachoileta.

Atauliza mbona wewe unameza. Mweleze ulivyoandikiwa: vidonge viwili vya miligramu 500, mara tatu kwa siku, kuanzia damu inapoanza kutoka kwa wingi, na usipite siku nne. Damu yako hutoka sana siku ya pili na ya tatu, kwa hiyo unameza vidonge kumi na viwili, basi. Hujawahi kuimeza siku moja kabla ili "kuiwahi", maana dawa haizuii hedhi kuja. Kazi yake ni kulinda damu iliyokwisha kuganda kwenye mishipa ya kizazi ili mwili usiiyeyushe mapema.

Hapo ndipo penye sababu ya uchoyo wako. Dawa haijui kizazi ni kipi na mguu ni upi. Bonge likiwa limejificha kwenye mshipa wa mguu, nalo litalindwa vilevile, na likichomoka huenda likaziba mapafu. Kwa mwanamke asiye na historia ya mabonge ya damu, hatari ni ndogo, lakini ya jirani huijui. Aliyewahi kupata bonge la damu mguuni au kwenye mapafu, au kiharusi, asiiguse. Aliyewahi kupata degedege aseme mapema. Mwenye figo dhaifu hupunguziwa dozi au hunyimwa kabisa, kwa kuwa dawa hutoka mwilini kwa mkojo. Na anayetumia vidonge vya majira vyenye homoni mbili asichanganye kwa uamuzi wake, kwani homoni hizo nazo huongeza uwezekano wa damu kuganda.

Uchoyo huu uambatane na macho makali kwako mwenyewe. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, kifua kikibana, pumzi ikikatika ghafla, upande mmoja wa mwili ukilegea au rangi zikianza kuonekana tofauti, acha dawa na uende hospitali saa hiyohiyo.

Jirani akianza kuona kizunguzungu au pedi ikilowa kila saa mfululizo, msimngoje jogoo. Mpeleke usiku huohuo. La sivyo, kesho asubuhi msindikize zahanati, abebe kila dawa anayotumia.