Barua ya Wazi kwa Meneja Wetu Anayestaafu

Kwa Mheshimiwa Meneja,
Ofisini kwako, Kayanga, Karagwe.

YAH: MCHANGO WA ZAWADI YAKO YA KUAGWA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mzee wetu, kwanza shikamoo, na unisamehe mimi karani wa masijala kukuandikia jambo ambalo kwa adabu hupaswi hata kulijua. Zawadi huwa ya ghafla. Lakini orodha ya wachangiaji imebandikwa ukutani, juu ya daftari la mahudhurio unalosaini kila asubuhi, nami sithubutu kudhani kwamba macho yako yana kasoro.

Kamati imeamua upewe ng'ombe mtamba. Huku kwetu ng'ombe ni heshima, na hakuna anayesema hustahili. Juu ya orodha wameandika kwa wino mwekundu: "Kutoa ni moyo, si utajiri." Chini yake wameandika: "Kiwango cha chini 50,000." Nimeisoma mara nyingi mistari hiyo miwili, na kwa uelewa wangu mdogo nimeshindwa kuipatanisha.

Tuko 24, hapa na tawi la Nkwenda kule Kyerwa, kwa hiyo jumla ni 1,200,000. Kwa msaidizi wako, anayepokea 1,500,000 kwa mwezi, 50,000 ni sehemu moja ya thelathini. Kwa mlinzi wetu anayepokea 200,000 ni robo ya mshahara. Tena tuko Januari, mwezi wa ada na sare za shule, na fedha za kahawa zimekwisha tangu Krismasi. Mtu anaweza kupendekeza kila mmoja atoe asilimia ya mshahara wake. Nalo ni wazo jema, ila mshahara hausemi nyumbani kuna watoto wangapi wala nani anauguza mama.

Niruhusu nikukumbushe mwaka jana, tulipomuaga mhasibu. Bei ya zawadi ilipangwa kwanza, fedha zikatafutwa baadaye, zikapungua 150,000. Pengo likajazwa kwa kukata 50,000 katika mshahara wa kila mmoja wa watu watatu ambao hawakuchanga. Hawakusaini popote. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 28, inakataza makato kama hayo: mchango wa kuagana hauamriwi na sheria wala mahakama, wala si deni ambalo mfanyakazi amekubali kwa maandishi likatwe. Watatu hao hawakulalamika, kwa kuwa aliyekuwa anakusanya ndiye anayesaini likizo zao. Kwenye sherehe walipiga makofi kama sisi wengine.

Kwa unyenyekevu mkubwa ninapendekeza hivi. Kila mmoja apewe bahasha ya kaki isiyo na jina, na zote 24 zirudi, zenye kitu na zilizo tupu. Atakayerudisha tupu ataonekana amerudisha bahasha tu, kama wenzake. Ziwekwe noti pekee, maana sarafu hulia na mlio wake humtaja mtu. Za Nkwenda zije na dereva siku yake ya kawaida, katika mfuko uliofungwa. Kutuma kwa simu ni rahisi zaidi, lakini ujumbe humwonyesha mpokeaji jina la mtumaji na kiasi, na makato humwangukia anayetuma.

Bahasha zifunguliwe siku moja na watu wawili, mmoja wa hapa na mmoja wa Nkwenda, wasio wakuu wa mtu yeyote, mbele ya atakayependa kushuhudia. Kinachobandikwa ukutani kiwe jumla tu, na baadaye risiti ya kilichonunuliwa. Njia hii haina stakabadhi ya mtu mmoja mmoja, ndiyo maana kuhesabu kufanyike hadharani. Zawadi ichaguliwe baada ya hapo. Fedha zikitosha mtamba, mtamba. Zikitosha mbuzi wawili, mbuzi wawili.

Utauliza kwa nini sikuipelekea kamati barua hii. Nikisema mimi, nitaitwa mchoyo. Akisema mlinzi, ataambiwa hana shukrani. Katika ofisi nzima ni mtu mmoja tu anayeweza kukataa kiwango cha chini bila kushukiwa kwamba anaokoa fedha zake, naye ni yule anayepewa zawadi.

Kwa hiyo nakuomba, Mzee wetu, katika kikao cha Jumatatu useme maneno matatu tu: kwamba orodha ibanduliwe, kwamba hakuna kiwango, na kwamba hutaki kuambiwa kamwe nani alitoa nini. Ukipenda, agiza pia wale watatu warudishiwe 50,000 zao kabla hujakabidhi ofisi.

Naomba kuwasilisha.

Wako mtiifu,
Karani wa masijala

Nakala: Ubao wa matangazo, pale ilipo orodha.