Funguo Zilizozidi

Watu hudhani kuachana na kampuni ya usafi ni barua tu. Inaandikwa, bosi anasaini, mhuri unagongwa, siku 30 zinahesabika, halafu mnaagana kwa soda na biskuti. Mimi ndiye afisa utawala wa ofisi yetu hapa Dar es Salaam, barua niliiandika mimi, na hata hiyo nusura ilale mezani kwa bosi. Nilimfuata hadi kwenye maegesho, akaisaini juu ya boneti ya gari huku dereva akiwa ameshawasha injini.

Haraka yangu ilikuwa na sababu. Mkataba ulidai notisi ya siku 30, nao ulikuwa ukiisha tarehe 30 Juni. Lakini kampuni nayo ina watu wake wa kuwapa notisi, na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka anayelipwa kwa mwezi apewe isiyopungua siku 28. Kwa hiyo tangu barua yetu ifike, mwenye kampuni ana siku mbili tu za kuandika barua zake. Bosi akienda semina Bagamoyo na kalamu yake, wafanyakazi wanachelewa kuarifiwa, na mwenye kampuni anawalipa siku ambazo hawafanyi kazi. Mwenye kampuni akishalipia kitu, anajua pa kukirudisha: kwenye ankara ya mwisho.

Kipengele cha mali kilikuwa kifupi: kila upande uchukue kilicho chake. Sote tulikipitisha bila kukohoa. Jioni ya mwisho fundi wao akaja na bisibisi, akang'oa viboksi vyote vya sabuni na vya tishu vyooni, kwa sababu kweli vilikuwa vyao. Kila kimoja kiliacha matundu manne ukutani, fisha zikiwa bado ndani. Asubuhi ya tarehe 1 Julai mkurugenzi alitoka chooni mikono ikimchuruzika maji, akapita mapokezi, akafika hadi kwangu akiwa ameinyoosha mbele. Hakusema neno. Nilimpa bahasha ya kaki, akajifutia.

Lakini hayo ya viboksi ni madogo. Makubwa yalikuwa kwenye funguo.

Hati ya makabidhiano ya miaka mitatu iliyopita ilisema kampuni ilipewa funguo 24. Nilitarajia zirudi pungufu. Nilikuwa nimeshaandaa maneno makali ya pungufu, pamoja na kifungu cha kuzuia malipo. Msimamizi wao, mama wa makamo anayeheshimika jengo zima, akaingia na kikapu. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akakimimina kikapu mezani. Tukahesabu. Thelathini na moja.

"Nimezirudisha zote, mwanangu," akasema. "Na faida juu."

Kwa hilo sikuwa na kifungu. Nikamwita fundi funguo kutoka Kariakoo, akavuta kiti, akaanza kuzitenganisha kama mpepeta mchele. Ufunguo uliokuja na kitasa chake, alituonyesha, una jina la mtengenezaji na namba zilizogongwa kichwani, na meno yake yamelainika kwa kutumika. Wa kuchongesha una jina jingine au hauna jina kabisa, na ukipitisha kidole kwenye meno unakuparuza. Kuna na mjukuu: uliochongwa kwa kufuatisha uliochongwa. Kila mchongo unaongeza kosa kidogo, hivyo mjukuu haufungui mpaka uuvute mlango kwako, uuinue kidogo na ikiwezekana uuombe. Nikaelewa kwa nini mlango wa stoo ulikuwa na tabia ile miaka yote.

Halisi zilikuwa 22. Za kuchongesha nane. Mmoja haukufungua mlango wowote, tukauzungusha jengo zima hadi msimamizi akauangalia vizuri. "Ah, huo wa kwangu. Kabati la vyombo."

Sababu ya zile nane ilikuwa safi kabisa, na hapo ndipo nilipoishiwa ukali. Mkataba ulitaka zamu mbili, ya alfajiri inayoingia saa 11:30 na ya jioni, lakini funguo za kila chumba zilitolewa mojamoja. Siku dada wa jioni alipoondoka na fungu zima hadi Mbagala, wa alfajiri walikaa ngazini mpaka jua likachomoza, na ofisi yetu ikaandika barua ya malalamiko. Tangu hapo wakachongesha, kwa pesa yao, ili tusilalamike.

Zilibaki mbili za asili zisizojulikana zilipo.

"Wa uhasibu anao mhasibu wenu," msimamizi akasema. "Alipoteza wake mwaka juzi, akaazima wangu. Akasema ataurudisha Jumatatu."

Hakusema Jumatatu ipi. Wa pili ulikuwa kwa mlinzi, ambaye humfungulia mleta maji ya kunywa asubuhi. Na mlinzi ni wa kampuni nyingine, ambayo mkataba wake unaisha Desemba. Nimeshauandika kwenye kalenda.

Kufikia hapo hesabu ilikuwa imekamilika kwa kila mtu isipokuwa fundi. Funguo ulizohesabu, alisema, ni zile ulizoletewa. Wa kuchongesha wa tisa ukiwa mfukoni mwa mtu, meza hii haitakwambia. Bosi akapendekeza tubadilishe funguo tu, kwa kuwa vitasa bado vizima. Fundi akanitazama mimi, si yeye, akaeleza taratibu kwamba ndani ya kitasa kuna silinda, na ndiyo inayobadilishwa, kitasa kinabaki. Unafungua skrubu moja ndefu kwenye ubavu wa mlango, unazungusha ufunguo kidogo mpaka ulimi wa silinda ulale sawa na mwili wake, unaivuta. Ni kazi ya dakika chache. La kuangalia ni urefu, unaopimwa kutoka tundu la skrubu kwenda kila upande, maana ikizidi ikachomoza nje ya mlango, mwizi ataishika kwa koleo aivunje. Tukachagua milango minne tu: mlango mkuu, uhasibu, chumba cha seva na stoo. Vyumba vya mikutano vina viti na harufu ya sambusa. Vikabaki na silinda zake.

Wakati nao una kanuni yake. Ukibadilisha kabla ya zamu ya mwisho, wasafi wa zamani wanakwama nje na una deni la siku. Ukibadilisha baada ya wapya kuingia, umewapa funguo za makumbusho. Kwa hiyo fundi alifanya kazi usiku wa tarehe 30, baada ya ndoo ya mwisho kutoka. Mimi nilimulika kwa simu na kubandika namba kwenye kila ufunguo mpya. Namba tu, kwa sababu lebo iliyoandikwa "Uhasibu" ni mwaliko kwa atakayeuokota. Orodha ya namba ipo kwenye droo yangu, ambayo mhasibu hajaambiwa.

Saa 11:30 alfajiri wasafi wapya wakafika, sare za kijani, mafagio mapya. Mbele yao msimamizi. Yule yule. Kampuni mpya ilimwajiri yeye na karibu kikosi chake chote, kwa sababu nani mwingine anajua choo cha ghorofa ya pili kinahitaji ndoo? Alikuwa ameshalipwa kiinua mgongo na kampuni ya zamani, mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka, siku 21 kwa miaka mitatu, na sasa anaanza mwaka wa kwanza katika jengo lile lile.

Akasaini hati bila miwani, akauinua ufunguo wa mlango mkuu kwenye taa, akapitisha kidole kwenye meno.

"Wa zamu ya jioni uko wapi?"

Nikafungua droo, nikamhesabia mwingine.