Mwongozo wa Kuliletea Taifa Nobeli kwa Kula Chokoleti

Anza kwa kuutafuta mchoro wenyewe. Ulichapwa mwaka 2012 katika jarida la tiba la New England Journal of Medicine, na aliyeuchora ni Franz Messerli, daktari wa moyo mzaliwa wa Uswisi. Ni mchoro wa mtawanyiko. Mhimili mlalo unaonyesha kilo za chokoleti zinazoliwa kwa kila mtu kwa mwaka, mhimili wima unaonyesha washindi wa Nobeli kwa kila watu milioni 10, na kila nukta ni nchi. Nukta ziko 23. China imekaa chini kushoto, Uswisi juu kulia.

Kabla ya kukimbilia dukani, zitazame nukta zote kwa pamoja. Zinapanda kuelekea kulia au zinashuka? Zinafuata mstari ulionyooka au zinajipinda? Zimeshikamana na mstari huo, au zimesambaa hovyo? Hapa zinapanda, na zimeukaribia mstari vya kutosha. Watakwimu hupima ukaribu huo kwa namba iitwayo r. Ikiwa 1, nukta zote zimekaa juu ya mstari mmoja unaopanda. Ikiwa -1, zimekaa juu ya mstari unaoshuka. Ikiwa 0, hakuna mwelekeo wa mstari wowote. Messerli alipata 0.791, na huo ni uwiano mkubwa.

Sasa mtafute aliyejitenga na wenzake. Ni Sweden. Kwa kilo zake 6.4 za chokoleti, mstari uliitabiria washindi wapatao 14, nayo ilikuwa nao 32. Kumbuka kwamba sehemu kubwa ya tuzo hizo huamuliwa Stockholm. Ukiiondoa Sweden, r inapanda hadi 0.862. Nukta moja tu kati ya 23 imeibadilisha namba kiasi hicho, ndiyo maana namba isisomwe bila mchoro wake.

Kipimo cha dawa nacho kipo. Mwinuko wa mstari unasema kila gramu 400 za ziada kwa mtu kwa mwaka zinakwenda na mshindi mmoja zaidi kwa kila watu milioni 10. Sensa ya 2022 ilihesabu Watanzania milioni 61.7. Tukimwongezea kila mmoja, vichanga wakiwemo, gramu 400, tunahitaji takriban tani 24,700 za chokoleti kila mwaka, na malipo yake ni washindi sita. Wakulima wa kakao wa Kyela wangepata soko la karibu.

Hesabu hiyo haina kosa. Kosa limeingia tulipotoka kwenye kutazama tukaenda kwenye kutenda. Mchoro umelinganisha nchi jinsi zilivyo. Hakuna nchi iliyoongezewa chokoleti kisha ikasubiriwa kuonekana imepata nini.

Basi uliza Uswisi ina nini kingine ambacho China ya wakati ule haikuwa nacho kwa wingi kama huo. Ina fedha. Nchi tajiri hununua vitu vya anasa, chokoleti ikiwemo, na nchi hiyohiyo hujenga maabara, hulipa watafiti na huwavutia wanasayansi wa kwingine. Utajiri unavuta mihimili yote miwili kwa mkupuo, na nukta zinapanda hata kama chokoleti haifanyi lolote kichwani. Kuna njia ya kulikagua hili: zigawe nchi katika makundi ya kipato kinachokaribiana, kisha chora upya kila kundi peke yake. Mwinuko ukilala ndani ya makundi, una sababu nzuri ya kuushuku utajiri.

Angalia pia tarehe. Nobeli zilianza kutolewa mwaka 1901, ilhali kilo za chokoleti zilitoka katika takwimu za miaka michache tu kabla ya mchoro kuchapwa. Washindi wengi walikuwa wamekwisha kufariki kabla ya chokoleti hiyo kutengenezwa. Na hata tarehe zingelingana, mchoro una nchi, hauna watu. Haujui kama washindi ndio waliokula chokoleti au ni majirani zao.

Anayetaka kujua kweli kama kakao inanoa akili ana kazi nyingine mbele yake. Akusanye watu waliokubali, awapime kumbukumbu, kisha apige kura: nusu wanywe kakao kwa miezi kadhaa, nusu wanywe kinywaji cha rangi na ladha ileile kisicho na viini vya kakao, na asiwepo anayejua amepewa kipi, hata anayewapima. Kura haitazami mfuko wa mtu, hivyo wenye nacho na wasio nacho hutawanyika pande zote mbili. Baadaye awapime tena. Tofauti ikionekana, na kundi likiwa kubwa kiasi kwamba bahati haiwezi kuieleza, hapo anaweza kusema kakao imesaidia kumbukumbu. Kuhusu Nobeli bado hatakuwa na la kusema, kwa kuwa hakuipima.