Chai ya Dereva

Lugha ya mafumbo, yaani ile inayolizunguka jambo ili anayeombwa apate nafasi ya kukataa bila kumvunjia mwombaji heshima, huwafaa watu waliokulia pamoja katika vilima vya Nyamira na Kisii, kwa kuwa msikilizaji wao huimaliza sentensi kichwani kabla ya msemaji. Lakini ikitumwa kwa barua pepe kwa mshirika aliyejifunza Kiswahili chuoni Ujerumani, hufika na adabu zake zote huku haja yenyewe ikiwa imebaki nyumbani.

Na uchukuliwe mfano wa kubuni wa ofisi ya Nyamira inayowauzia watu wa Hamburg mabakuli ya jiwe la sabuni yanayochongwa Tabaka, ambayo karani wake anaandika: "Mvua imetutembelea, ila tunasukuma tu. Mabakuli yako njiani, tutapiga simu kesho saa mbili. Upande wa usafiri mtuangalilie, na dereva naye hakosi chai." Mwenyeji, hata akiisoma huku anasinzia, ataelewa kwamba machimbo yamejaa maji, kwamba mabakuli mengi bado ni mawe, na kwamba fedha zimeombwa mara mbili. Mjerumani, ambaye kosa lake pekee ni kuyaamini maneno, ataelewa kwamba mzigo umeshapanda lori, ataamka usiku wa manane kungoja simu, kisha atatuma paketi ya majani ya chai kutoka Hamburg hadi Nyamira, kaunti ambayo viwanda vyake vya Kebirigo na Sanganyi havijapata kuishiwa na bidhaa hiyo.

Dalili ya kwamba ombi limepotea ni jibu la "Asante kwa taarifa", kwa maana aliyeelewa kuwa anadaiwa hashukuru upesi hivyo. Dawa ni kuipitia kila sentensi na kuiuliza nani afanye nini, kwa kiasi gani na lini, kisha kuandika majibu yenyewe: "Machimbo yamejaa maji. Mabakuli 60 kati ya 200 yamekamilika. Mengine yatakuwa tayari tarehe 14 Mei. Tunaomba mtutumie shilingi 18,000 za lori na posho ya dereva kabla ya tarehe 10 Mei. Tutapiga simu tarehe 5 Mei, 08:00, saa za Kenya (UTC+3)." Mwezi umetajwa kwa jina kwa sababu 5/4 kwa wengine ni Aprili na kwa wengine ni Mei, na saa imeandikwa kwa tarakimu nne kwa sababu hesabu ya Kiswahili, inayoanzia mapambazuko, hupishana kwa saa sita na ile inayoanzia usiku wa manane.

Ni kweli kwamba barua kavu namna hiyo, ikipelekwa kwa mzee wa Nyamira, itamfanya ashuku kwamba imeandikwa na dalali wa mnada. Kwa hiyo salamu zisifutwe, hata "Bwakire buya" iwekwe na maana yake, yaani habari za asubuhi. Ila zikae aya ya kwanza, na shilingi 18,000 zikae peke yake aya ya pili.