Mhazini wa Madafu

Katika kundi dogo la wapiga filamu, ambamo mwongozaji huwa ndiye mtunzi na dereva huwa ndiye mshika taa, hapana cheo kilicho duni kwa sura na kizito kwa amana kuliko cha yule afungaye kiunoni kipochi cha fedha ndogondogo. Nacho ndicho nilichotunukiwa tulipokuwa Unguja tukipiga filamu fupi.

Kanuni yake ni nyepesi. Nilikabidhiwa shilingi 300,000 kwa sahihi, na saa yoyote nitakapokaguliwa, fedha zilizomo kipochini pamoja na stakabadhi na hati za malipo sharti zitimize 300,000 ile ile, bila ya kuzidi wala kupungua. Hati ni za wale wasio na stakabadhi, kama mwenye ngalawa na muuza mihogo: huandikwa tarehe, kitu, kiasi na sababu, kisha apokeaye akatia sahihi. Stakabadhi za mashine nazo hupigwa picha siku ile ile, kwani karatasi yake haistahimili joto, na ikiachwa garini juani hugeuka nyeusi tii.

Dereva wetu, muungwana kabisa, aliniletea stakabadhi za Mkokotoni, Makunduchi na Darajani, zote za mkono mmoja, na namba zake zikifuatana: 41, 42 na 43. Nilipomtazama, akasema kwa adabu, “Bwana Mhazini, nimeona nikupunguzie taabu.” Nikamrudishia, nikamwandikisha hati ya kweli kwa kila senti.

Lakini msiba wa siku hiyo haukutoka kwa dereva. Jioni nilihesabu: stakabadhi 164,000, hati 58,000, taslimu 64,000; jumla 286,000. Zimekwenda wapi 14,000? Baada ya tafutishi ndefu ikabainika kwamba katika mchezo shujaa hunywa dafu moja, nasi tulilitengea 2,000; ila kila alipoinua dafu ikapita pikipiki, au mwongozaji akaona kiu yake haiaminiki, hata yakamalizika madafu saba, na msaidizi aliyechukua fedha kwangu akasahau hati, akidhani dafu ni chakula na chakula hakiulizwi.

Mwongozaji akatia mkono mfukoni. “Shika 14,000, yaishe.” Nikakataa katakata, kwani hisani ile ingeziba pengo la kipochi na kuacha uwongo katika daftari, ambamo onyesho la dafu lingesomeka daima kuwa ni la 2,000. Msaidizi akarudi kwa muuzaji, hati ikatiwa sahihi, na gharama ikaingia fungu la vifaa vya mchezo, si la chakula. Ikadhihiri kwamba fungu hilo limezidi kwa 12,000, nasi tukazipunguza kesho yake katika kodi ya ngalawa, mapema, kabla deni halijaota mizizi.

Basi ewe ukabidhiwaye kipochi, hesabu kila jioni kabla watu hawajatawanyika na kusahau, wala usipokee sadaka ya kuziba pengo; na palipoandikwa dafu moja, mwulize kwanza mwongozaji anakusudia kulirudia mara ngapi.