Nyadhifa Mbalimbali

Mshereheshaji asilaumiwe, kazi yake ni nzito kuliko ya wakili. Mgeni mwenye doa akisubiri jukwaani, yeye hukohoa kidogo na kusoma: "Amehudumu katika nyadhifa mbalimbali, ndani na nje ya nchi." Ukumbi mzima, kwa adabu zake, huinamia simu kutafuta hizo mbalimbali. Mgeni huanza kuhutubia tosi za watu.

Marehemu Ali Hassan Mwinyi hakuhitaji ufundi huo. Enzi za uhai wake, wasifu ungetosha hivi: katika miaka ya 1970 alijiuzulu uwaziri wa Mambo ya Ndani kwa kubeba dhamana ya vifo vya watuhumiwa mkoani Shinyanga, ambavyo hakuvisababisha yeye, mwaka 1985 akawa Rais, leo anazungumzia uongozi. Tukio, mwaka, alichofanya, mada. Robo dakika, na hakuna wa kupekua simu.

Umaskini ulioje! Bingwa wetu hulizunguka jambo hilohilo kwa dakika kumi, kwa ustadi wa rubani anayekwepa mlima. Wala hampigii mgeni simu jana yake wakubaliane maneno. Huo ni woga. Kisha humkabidhi kipaza sauti, akitabasamu: "Mengine mnayajua wenyewe."