Kesi ya Mchicha Bombani

Mtu akikwambia shida ya maji hapa Mwanga ni mgao, ujue hajawahi kupanga foleni nyuma ya mabibi wawili watani. Mgao una ratiba, hata kama ratiba yenyewe ni ya uongo. Mabibi hawana. Ndoo ya lita 20 pale bombani kwetu ni shilingi 50, na maji yakitoka kwa nguvu inajaa upesi tu. Lakini leo ndoo ya kwanza ilijaa, ikafurika, ikaanza kumwagilia miguu ya watu, na wenyewe hawana habari. Bibi Mchaga alikuwa amekuja kudai.

"Mtani, mjukuu wako ameniaibisha kitongoji kizima."

"Yupi?" akauliza Bibi Mpare. "Ninao wengi. Kwetu hatuzai kwa kupiga hesabu ya faida."

"Huyo mume wangu mwembamba, anayelala na kalamu mfukoni."

Mgeni akisikia "mume wangu" hushtuka. Bibi humwita mjukuu wa kiume mume na wa kike mke mwenza, na kwa mtani mipaka ya nyumba haipo: mjukuu wako ni mume wangu, na akikosea nakuletea mashtaka wewe.

"Kuku wangu aliingia bustanini kwenu akadonoa mchicha," Bibi Mchaga akaendelea. "Mashina sita. Kijana akayahesabu, akaandika, akampiga kuku picha kwa simu akiwa bado na jani mdomoni."

"Huo ndio ushahidi."

"Akapanda bodaboda kwenda kwa mwenyekiti, shilingi 2,000. Hakumkuta. Akarudi, 2,000 nyingine. Jioni akaenda tena, akarudi tena. Mtani, 8,000 kwa mchicha wa 500!"

"Alishinda, hakushinda?"

"Alishinda. Nimelipa hiyo 500."

"Sasa unalalamika nini? Mume amerudi nyumbani na haki yake."

"Ndiyo maana watu wanasema Mpare huuza ng'ombe ashinde kesi ya kuku!"

"Wanasema. Lakini umewahi kusikia wakisema kesi yenyewe alishindwa?"

Foleni nzima ikaangua kicheko. Mimi nilitazama saa. Nilikohoa kile kikohozi cha mtu mwenye haraka, na mama mmoja nyuma yangu akanishauri ninywe tangawizi.

Zamu ya Bibi Mpare ikafika. Aliweka kata yake juu ya mfuniko wa ndoo, taratibu, kama wakili anayevaa miwani.

"Na wewe, huyo Mangi wako wa dukani. Juzi nimekwenda kununua ndimu. Moja! Akanisalimia vizuri, shikamoo bibi, habari za magoti. Kisha akaitia ndimu kwenye mfuko mbadala na kunidai 200 ya mfuko."

"Ulitaka uibebe kichwani?"

"Sukari ananipimia kwa mizani, sindano ikizidi kidogo anarudisha chembe kwa kijiko. Chembe, mtani! Mume gani anampimia mkewe chembe?"

"Amejifunza kwenu. Mjukuu wa Kipare ni ndiva: anajaza usiku kucha, asubuhi hafungui."

Hapo nakiri walinikamata sikio. Ndiva ni bwawa dogo la Upareni. Maji hukusanywa humo usiku, na kukipambazuka hufunguliwa yaende mashambani kwa zamu. Wachaga wao wana mifongo, mifereji iliyochimbwa zamani kuteremsha maji kutoka mlimani na kuyapitisha kihambani. Kwa hiyo tusi hilo lilikuwa la kitaalamu, na jibu lake pia.

"Heri ndiva, unajua alipo," akasema Bibi Mpare. "Wako ni mfongo. Anapita uani kwa kila mtu."

"Mfongo unanywesha watu!"

"Mngeuchimba na nini? Chuma mlikifuata kwetu Ugweno. Bila wahunzi wa Kipare mngelima kwa kucha."

"Na tulilipa! Ndiyo maana hamjatupeleka mahakamani."

Binti mmoja wa chuo, mgeni hapa, hakuweza kuvumilia. Akasogea kwa adabu zote: "Shikamooni bibi zangu. Jamani, msigombane kwa ajili ya watoto." Wote wawili wakamgeukia kwa pamoja.

"Nani anagombana?" akauliza Bibi Mchaga.

"Huyu anatuchonganisha," akasema Bibi Mpare. "Faini. Atubebee ndoo."

Hiyo ndiyo sheria, na ndiyo inayonifurahisha kidogo asubuhi kama hii: utani haushtakiwi. Anayekasirika ndiye mwenye kosa, na anayeamulia anatozwa. Ni sehemu pekee duniani ambako Mpare hana pa kufungulia kesi.

Lakini wana mahali wanapoishia. Katikati ya vicheko Bibi Mpare alishusha sauti, akaacha hata kumwita mwenzake mtani. "Dada, na yule aliyelazwa Moshi?"

"Ameanza kunywa uji."

"Mungu mkubwa."

Hakuna aliyemwita mgonjwa mume, hakuna aliyetaja ubahili wala kesi. Ugonjwa hauchezewi. Utajua wamemaliza kuogopa pale utani unaporudi, na ulirudi mara moja: "Akitoka mwambie bado namdai jogoo. Asijifanye amesahau kwa dawa."

Nikaona niingie hapo hapo. "Shikamooni. Naomba nikinge moja tu, nachelewa kazini."

"Marahaba, baba. Wewe kabila gani?"

"Mzaramo."

"Basi mtani wako ni Mnyamwezi," akasema Bibi Mchaga. "Nenda Tabora ukalalamike."

Nikarudi kwenye foleni yangu. Ndipo Bibi Mpare akatoa shtaka alilokuwa amelificha muda wote.

"Mimi Mangi wako ananipimia chembe. Lakini mke mwenzangu, yule binti wa mwanangu, akienda kununua sukari anafungiwa bila mizani. Kwa macho tu. Robo inarudi nyumbani ni nusu kilo."

Bibi Mchaga akanyamaza kidogo. "Huyo mke mwenzetu naye anakuja dukani mara nne kwa siku. Chumvi asubuhi, kiberiti mchana. Nyumba gani inaunguza viberiti namna hiyo?"

"Unasema nini, mtani?"

"Nasema duka litafilisika. Bora aje akae ndani kabisa, tujue moja."

"Mahari?"

"Mchicha mashina sita."

Kwa mara ya kwanza leo nilitabasamu. Nilijua mambo ya ukwe: mkwe haongei ovyo mbele ya mkwe mwenziwe, hatanii, hata kupishana njiani ni kwa heshima. Kama vijana hawa wataoana, nilijiambia, bomba litapata utulivu, na mimi nitafika kazini mapema. Nikawapongeza kwa sauti: "Hongereni bibi zangu, sasa mtakuwa wakwe. Matusi basi."

"Matusi basi?" Bibi Mpare alicheka hadi kata ikaanguka. "Baba, wakwe ni watoto wetu. Wao ndio watakaoinamishiana vichwa. Sisi mabibi tunaongezewa."

"Tena wakizaa," akasema Bibi Mchaga akijitwisha ndoo yake hatimaye, "tutakuwa na kitukuu mmoja wa kumlalamikia wote wawili, nusu mfongo, nusu ndiva."

"Na nusu ya kesi."

"Na nusu ya duka."

Wakaanza kubishana kitukuu huyo ambaye hajazaliwa atarithi pua ya nani. Zamu yangu ilipofika, maji yalikuwa yamekatika.